Ukishindwa Kufika Mkutanoni: Kazi ya Mwakilishi wa Mwenye Hisa na Mahali Kazi Hiyo Inapokomea



Wengi wenu mna hisa mahali fulani. Kuna walionunua za KenGen mwaka 2006, na walionunua za Safaricom mwaka 2008, wakati ule watu walipopanga foleni wakiwa na shilingi elfu kumi mkononi, maana kiasi cha chini kilikuwa hisa 2,000 kwa shilingi tano kila moja. Wengine wana hisa za makampuni ya kununua mashamba, zile ambazo wazazi wetu walilipia kidogo kidogo baada ya Uhuru. Tena kuna wale ambao kikundi chao kimeweka pesa katika kampuni ndogo ya wakulima, yenye ghala, ama mashine ya kusaga, ama ploti hapo sokoni.

Kila mwaka barua ya mkutano inakuja, na ndani yake kuna karatasi moja ambayo watu wengi huwashia moto. Karatasi hiyo huitwa fomu ya uwakilishi. Wengine huiita proksi. Katika toleo hili tunataka kuieleza hiyo karatasi, kwa sababu kuna mashamba yameuzwa na wakurugenzi wamerudishwa vitini kwa nguvu ya karatasi kama hizo, na wenye hisa waliozitia sahihi hawakujua walitia sahihi nini.

Haki yenyewe

Sheria ya Makampuni ya mwaka 2015 inasema kwamba mwenye hisa anaweza kumteua mtu mwingine aende mkutanoni badala yake. Mtu huyo anaweza kuhudhuria, kusema na kupiga kura. Si lazima naye awe mwenye hisa. Unaweza kumtuma binti yako, jirani, mwalimu wa shule, ama katibu wa kikundi. Barua ya kuitisha mkutano yenyewe ni lazima ikuambie kwamba una haki hiyo.

Wazee watakumbuka kwamba zamani haikuwa hivyo. Chini ya sheria ya awali, ile Sura ya 486, mwakilishi katika kampuni ya umma hakuwa na haki ya kuzungumza kama wengine, na kama katiba ya kampuni haikumruhusu, hakuweza hata kuinua mkono. Alingoja mpaka kura zihesabiwe kwa hisa. Basi bado kuna wenyeviti wa kampuni ndogo ndogo wanaowaambia wawakilishi, "Wewe si mwanachama, kaa chini." Huo ni mtindo wa sheria ya zamani. Mwakilishi aliyeteuliwa sawasawa anaweza kusimama akauliza swali kuhusu hesabu za kampuni kama vile mwenye hisa angalivyouliza.

Lakini shikeni jambo hili: tunazungumza juu ya kampuni. Chama cha ushirika kina sheria yake nyingine, na huko mwanachama ni kura moja, hata kama ana hisa mia ama hisa kumi. Msichukue fomu ya kampuni mkaenda nayo kwenye mkutano wa sako mkidhani itapokelewa. Someni bailo za chama chenu kwanza. Na mkutano wa kikundi chenu wenyewe unafuata katiba ya kikundi. Kama katiba haisemi kitu juu ya kutuma mtu apige kura badala yako, afadhali mlizungumze na kuliandika kabla ugomvi haujaingia.

Namna ya kuijaza fomu

Fomu nyingi zinafanana. Juu kuna mahali pa kuandika jina lako kama lilivyo kwenye daftari la wenye hisa, nambari yako ya hisa ama ya akaunti, na idadi ya hisa zako. Kama kwenye daftari wewe ni "Mary" na kwenye kitambulisho ni "Maria", andika jina la daftari na uende ukalirekebishe siku nyingine. Fomu nyingi hutupwa kwa kosa hili dogo la jina.

Halafu kuna nafasi ya jina la mwakilishi. Hapa ndipo wengi huteleza. Mara nyingi baada ya nafasi hiyo kuna maneno yanayosema kwamba usipoandika mtu yeyote, mwenyekiti wa mkutano ndiye atakuwa mwakilishi wako. Maana yake, ukitia sahihi fomu na kuacha jina wazi, umempa kura yako mwenyekiti wa kampuni. Pengine huyo ndiye unayetaka kumwondoa! Sheria haimkatazi mwenyekiti kuwa mwakilishi, na katika kampuni kubwa watu wengi humchagua yeye kwa hiari yao. Sisi tunasema tu kwamba ukimpa kura, umpe ukijua.

Chini yake huja maazimio ya mkutano, moja moja, na kando ya kila moja kuna vijisanduku: naunga mkono, napinga, na pengine sipigi kura. Weka alama. Ukiacha vijisanduku wazi, fomu nyingi husema kwamba mwakilishi atapiga kura anavyoona inafaa. Akipiga kinyume na ulivyowaza, hutakuwa na la kusema, kwa maana ulimwachia yeye.

Mwisho ni tarehe na sahihi. Tarehe si pambo. Kama umejaza fomu mbili, moja umempa jirani na nyingine umemtumia mwenyekiti, tarehe ndiyo itakayosaidia kuonyesha ipi ilikuja nyuma. Asiyejua kutia sahihi aweke alama ya kidole gumba mbele ya shahidi, na shahidi aandike jina lake na nambari ya kitambulisho chake.

Saa 48

Fomu ni lazima ifike kwa kampuni ama kwa msajili wa hisa kabla ya mkutano. Kampuni nyingi hudai ifike saa 48 kabla, na sheria haikubali kampuni idai mapema kuliko hapo. Kwa hiyo ukiona katiba ya kampuni inataka fomu wiki mbili kabla ya mkutano, kifungu hicho hakina nguvu.

Sasa hesabu vizuri. Mkutano ukiwa Ijumaa saa nne asubuhi, saa 48 zinarudi nyuma mpaka Jumatano saa nne asubuhi. Wewe ukifika ofisini Jumatano saa nane mchana umechelewa, hata kama mkutano bado uko siku mbili mbele. Mkutano ukiwa Jumatatu mambo ni magumu zaidi, kwa sababu Jumamosi na Jumapili ofisi zimefungwa, na kuna kampuni ambazo hazihesabu siku zisizo za kazi. Usikae ukipiga hesabu yako mwenyewe. Saa na tarehe ya mwisho huandikwa kwenye fomu, na hiyo ndiyo ya kufuata.

Tena angalia fomu inapelekwa wapi. Mara nyingi ni kwa msajili wa hisa aliye Nairobi. Si kwa benki uliyonunulia hisa, wala si kwa wakala wa soko la hisa. Kama mnaituma kwa mkono wa dereva wa matatu, mwambieni alete nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Hiyo nakala ndiyo itakayomsaidia mwakilishi wenu mlangoni akiambiwa kwamba jina lake halipo.

Tangu mwaka 2020, wakati wa korona, kampuni kubwa zilianza kufanya mikutano kwa njia ya simu na kompyuta, na mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili mikutano ya namna hiyo itambuliwe. Hapo fomu huuliza pia nambari ya simu ya mwakilishi, na wakati mwingine barua pepe yake, kwa maana atajiandikisha na kupiga kura kwa simu hiyo. Ukiandika nambari vibaya kwa tarakimu moja, mwakilishi wako hataingia. Na tunaona watu wakimpa kijana nambari yao ya siri ya simu ati awapigie kura. Huko si kuteua mwakilishi, ni kumpa mtu ufunguo wa nyumba. Jaza fomu, aingie kwa jina lake na kwa simu yake.

Kura ya mikono na kura ya hisa

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ndipo uwakilishi unapoonyesha nguvu yake, na ndipo watu hupoteza mali yao.

Katika mkutano wa kampuni kuna njia mbili za kupiga kura. Ya kwanza ni mikono: aliyepo anainua mkono, na kila mkono ni kura moja, hata kama mwenyewe ana hisa tano ama elfu tano. Mwakilishi naye ana mkono mmoja. Hata kama ametumwa na watu ishirini wote wenye nia moja, anainua mkono mmoja tu. Ya pili ni kura ya hisa: watu wanaandika kwenye karatasi, na kila hisa inahesabiwa kama kura. Hapo ndipo mwakilishi anafungua mkoba wake na hisa zote alizotumwa nazo zinahesabiwa.

Tuchukue mfano. Hii ni kampuni ya kufikiria tu, lakini hesabu yake ni ya kweli. Tuseme wakulima wana kampuni yenye hisa 12,000, na mali yake kubwa ni ploti karibu na barabara ya lami. Wakurugenzi wanataka ploti iuzwe. Katiba ya kampuni inasema ploti haiwezi kuuzwa bila azimio maalum, na azimio maalum linahitaji angalau asilimia 75 ya kura zilizopigwa.

Wamefika watu 40. Mmoja wao ni kijana ambaye mwenyewe hana hisa hata moja, lakini amebeba fomu za wenye hisa 26 kutoka kijiji cha mbali, wengi wao wajane na wazee wasioweza kupanda gari. Wote 26 wameweka alama kwamba wanapinga, na kwa pamoja wana hisa 2,100.

Mwenyekiti anasema, "Wanaokubali wainue mikono." Mikono 31. "Wanaokataa?" Mikono 9, na mmoja ni wa huyo kijana. Thelathini na mmoja kati ya arobaini ni asilimia 77 na nusu. Azimio limepita. Watu wanaanza kupiga makofi, na mwenyekiti anataka kuingia ajenda inayofuata.

Kijana akinyamaza hapo, ploti imekwenda. Wajane 26 wamehesabiwa kama mkono mmoja. Lakini sheria inampa neno la kusema: anadai kura ya hisa. Kura ya hisa inaweza kudaiwa na wenye hisa wasiopungua watano walio na haki ya kupiga kura, ama na wenye sehemu moja ya kumi ya kura zote. Na dai la mwakilishi linahesabiwa kama dai la aliyemtuma. Huyu kijana ametumwa na watu 26, kwa hiyo anaweza kusimama peke yake na dai lake likawa halali.

Basi karatasi zinagawiwa. Wale 31 waliokubali, hisa zao zinahesabiwa na kupatikana 3,400. Wale wanane wengine waliokataa wana hisa 800. Kijana anaweka zake za kutumwa, 2,100. Waliokataa wamefika 2,900. Jumla ya kura zilizopigwa ni 6,300, na asilimia 75 yake ni 4,725. Waliokubali wana 3,400, yaani kama asilimia 54. Azimio limeanguka, na ploti imebaki.

Angalieni mambo mawili katika mfano huu. La kwanza ni kwamba asilimia inahesabiwa kwa kura zilizopigwa, si kwa hisa zote 12,000 za kampuni. Zile hisa 5,700 ambazo wenyewe walikaa nyumbani bila kutuma mtu hazikuhesabiwa upande wowote. Kukaa nyumbani si kupinga. La pili ni wakati. Kura ya hisa hudaiwa kabla matokeo ya mikono hayajatangazwa, ama papo hapo yanapotangazwa. Mkishaingia ajenda ya tatu, mlango umefungwa. Mwakilishi anayekwenda mara ya kwanza inafaa ajizoeze sentensi moja kabla ya kuondoka nyumbani: "Mheshimiwa mwenyekiti, kwa niaba ya wenye hisa walionituma, nadai kura ihesabiwe kwa hisa."

Na kama mwenyekiti akijibu kwamba katika kampuni hii hatuna desturi hiyo? Katiba ya kampuni haiwezi kuiondoa haki ya kudai kura ya hisa, isipokuwa kwa kumchagua mwenyekiti wa mkutano ama kuahirisha mkutano. Dai liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano pamoja na majina, hata kama limekataliwa, maana bila maandishi hakuna mtu wa kulifuatilia.

Lakini tusidanganyane. Kura ya hisa inamsaidia mwenye hisa nyingi kuliko inavyomsaidia maskini. Baada ya mauzo yale ya mwaka 2008, katika Safaricom serikali ilibaki na asilimia 35, Vodafone asilimia 40, na watu wengine wote kwa pamoja asilimia 25. Ukikusanya fomu za tarafa nzima hutayumbisha kampuni kama hiyo. Kule mwakilishi wako ana faida moja kubwa, nayo ni kuuliza swali mbele ya watu. Ni katika zile kampuni ndogo za mashamba na maghala kwamba fomu ishirini na sita zinaweza kugeuza jambo.

Mambo ambayo mwakilishi hawezi kufanya

Mwakilishi ametumwa mkutanoni, basi. Hawezi kuuza hisa zako, wala kutia sahihi hati ya kuzihamisha, wala kupokea gawio lako. Mambo hayo yana karatasi zake nyingine. Mtu akikuletea karatasi akisema ni fomu ya mkutano, na ndani yake kuna neno la kuhamisha, ama kuuza, ama kukabidhi cheti cha hisa, hiyo si fomu ya uwakilishi. Usitie sahihi.

Ukimwandikia namna ya kupiga kura, ni lazima apige hivyo. Ukimwambia apinge, hawezi kufika pale, akanunuliwa soda, akabadili mawazo akakubali. Shida ni kwamba kampuni kwa kawaida haina kazi ya kuchunguza kama mwakilishi amekutii; wao huhesabu karatasi aliyoiweka. Kwa hiyo ukisalitiwa, ugomvi wako ni kati yako na yeye, na kura inaweza kusimama vivyo hivyo. Ndiyo maana tunasema alama ziwekwe kwenye fomu yenyewe, si kwa mdomo. Alama zikiwa kwenye fomu, na fomu imefika kwa msajili, kuna maandishi ya kumwumbua nayo.

Tena mwakilishi hawezi kumteua mwakilishi mwingine. Akiugua njiani, hawezi kumpa fomu rafiki yake aingie badala yake. Kama una wasiwasi kwamba huenda asifike, andika kwenye fomu jina la pili: "fulani, ama akikosekana, fulani." Fomu nyingi zina nafasi hiyo.

Na uteuzi ni wa mkutano ule uliotajwa. Mkutano ukiahirishwa na kuendelea siku nyingine, kwa kawaida fomu ile ile inaendelea kutumika. Lakini mkutano wa mwaka ujao ni mwingine. Yule anayezunguka na fomu ya miaka mitatu iliyopita akisema, "Mzee alinituma," hana kitu mkononi.

Ukibadili nia

Umemteua mtu, kisha umesikia habari zake. Unaweza kumwondoa. Iandikie kampuni barua kwamba umefuta uteuzi, na barua hiyo ifike kabla mkutano haujaanza. Katiba ya kampuni inaweza kutaka ifike mapema zaidi, lakini si kupita zile saa 48. Kumwambia mwakilishi peke yake kwamba umemfuta haitoshi. Kampuni isipopata habari, kura atakayopiga itasimama.

Njia nyingine ni kwenda mwenyewe. Kumteua mtu hakukufungii mlango. Mahakama ya Uingereza iliamua hivyo mwaka 1931, katika kesi ambayo wenye hisa walituma fomu, kisha wakaja mkutanoni wakapiga kura wenyewe: kura ya mwenyewe ndiyo iliyohesabiwa. Ukienda, jiandikishe mlangoni uwaambie wazi kwamba kuna fomu yako imetangulia, ili hisa zako zisihesabiwe mara mbili na kuleta kelele.

Hisa za kikundi na hisa za marehemu

Sasa tuje kwa jambo linalowagusa nyinyi zaidi. Vikundi vingi vilinunua hisa kwa majina ya viongozi: mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Pesa zilikuwa za kikundi, lakini kwenye daftari la kampuni yameandikwa majina matatu ya watu. Kampuni huangalia daftari tu. Haitaki kujua kwamba nyuma ya majina hayo kuna akina mama thelathini. Kwa hiyo anayeweza kuteua mwakilishi wa hisa hizo ni wale walioandikwa, na wakikosa kupatana, kura inayohesabiwa ni ya yule ambaye jina lake limetangulia katika daftari.

Fikirini basi, kama jina la kwanza ni la yule mwenyekiti wa zamani aliyehamia mjini na ambaye hamsikilizani tena. Yeye bado ndiye mwenye kura zenu. Kikundi kinaweza kumbana kwa njia moja: maandishi yake chenyewe. Mkiwa na kumbukumbu zinazoonyesha kwamba hisa ni za kikundi, na kwamba mkutano wa kikundi uliamua kura ipigwe hivi na mwakilishi awe fulani, na walioandikwa wakatia sahihi, basi mna kitu cha kuonyesha kwa wazee ama hata mahakamani. Bila hayo ni neno lenu dhidi ya neno lake. Barua ya mkutano inatakiwa kuja siku 21 kabla. Kikundi kinachokutana kila mwezi kinaweza kujikuta siku zimepita kabla hawajakaa, kwa hiyo anayepokea barua awe na ruhusa ya kuitisha kikao cha haraka.

Kuna pia hisa za marehemu. Hizi ziko nyingi sana, hasa katika makampuni ya mashamba. Mzee alifariki, jina lake bado liko katika daftari, na kila mwaka barua inakuja kwa jina lake. Mwana mmoja anachukua fomu na kutia sahihi ya baba. Hiyo ni kughushi, hata kama nia ni njema, na ndugu mwingine asiyekubaliana naye anaweza kumshitaki. Marehemu hawezi kuteua mwakilishi. Familia ipate kwanza barua za urithi kutoka mahakamani, wazipeleke kwa msajili wa hisa, na jina libadilishwe. Baada ya hapo mrithi atateua mtu kwa jina lake mwenyewe.

Na kama mzee alitia sahihi fomu akiwa hai, akafariki siku tatu kabla ya mkutano? Katiba za makampuni mengi zinasema kwamba kura ya mwakilishi inabaki halali ikiwa kampuni ilikuwa haijapata habari za kifo. Kampuni ikishaarifiwa, hapana.

Wale wanaokuja na fomu tupu

Kabla ya mikutano yenye uchaguzi wa wakurugenzi ama mauzo ya ardhi, utaona watu wakizunguka vijijini na fomu tupu, pengine na kilo moja ya sukari ama nauli. Wanataka sahihi tu; hayo mengine watajaza wao. Fomu tupu yenye sahihi yako ni kama hundi tupu. Jina lolote linaweza kuandikwa hapo, na alama yoyote kuwekwa katika vijisanduku.

Mtu akitaka uwakilishi wako kwa haki, hana haja ya kuficha. Mwulize ni azimio gani linapigiwa kura, na aonyeshe barua ya mkutano. Andika jina lake kwa mkono wako. Weka alama zako mwenyewe. Piga mstari katika kila nafasi iliyobaki wazi. Kisha upate nakala, ama angalau kijana wako aipige picha kwa simu. Baada ya mkutano, mwakilishi arudi kwenye kikundi aeleze kura zilihesabiwaje, kwa mikono ama kwa hisa, na ngapi zilikuwa upande gani. Kampuni hutoa takwimu hizo kura ya hisa ikipigwa, kwa hiyo mnaweza kulinganisha anachosema yeye na kilichoandikwa kule.